Rampu, mkalimani na kasma: kwa anayeandaa bajeti ya mradi kwa mara ya kwanza

Mfadhili akirudisha andiko na maoni kwamba bajeti haionyeshi mahitaji ya watu wenye ulemavu, wageni wengi wa kazi hii hufanya jambo moja. Wanaongeza mstari chini kabisa, "Miundombinu rafiki kwa watu wenye ulemavu, jumla", wanaweka kiasi kinachoonekana cha heshima, na andiko linapita. Tabu inaanza bei ya saruji inapopanda. Mstari ule hauna kipimo wala idadi, na hakuna anayejua ukikatwa kinapungua nini. Hivyo ndio unaokatwa kwanza.

Nimekaa upande wa bajeti kwenye miradi ya mafunzo ya ufundi kwa muda mrefu kiasi, na ushauri wangu kwa anayeanza ni kuuliza swali moja kabla ya kufungua kasma yoyote, yaani mstari wa bajeti wenye fedha zake: kitu hiki ni cha jengo, au ni cha mtu atakayekuja? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unazitenganisha hali hizo mbili. Jengo linatakiwa kufikika hata kama hujui nani atalitumia. Mahitaji ya mtu mmoja mmoja yanashughulikiwa pale mtu huyo anapojulikana. Kwenye bajeti hali hizi zina tabia tofauti kabisa, na ukizitia kapu moja zote mbili zinaharibika.

Tuanze na jengo. Chukua karakana mbili za ushonaji zenye baraza mbele na choo nyuma. Sakafu imeinuliwa sentimita 45 kutoka usawa wa ardhi kwa sababu mvua za masika huleta maji uwanjani. Kwenye mchanganuo wa gharama za ujenzi kuna kasma ya pembeni inayosema "Rampu, 1". Mkandarasi akisoma hivyo atajenga rampu moja, na kwa kawaida itakuwa na urefu wa mita 3, kwa kuwa ndiyo nafasi inayobaki kati ya baraza na mfereji. Ametimiza alichoandikiwa, na anayeendesha kitimwendo hawezi kuipanda bila kusukumwa.

Uwiano unaokubalika kwa rampu ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kupanda inadai sentimita 12 za kwenda mbele. Kwa sakafu ya sentimita 45 mteremko wenyewe ni mita 5.4. Ongeza sehemu bapa ya mita 1.5 juu ili mtu asimame na kufungua mlango bila kurudi nyuma, na nyingine kama hiyo chini ili ageuke. Jumla ni mita 8.4. Kama uwanja mbele ya mlango una mita 5 tu, rampu lazima ilazwe sambamba na ukuta au ikunje kona, na hapo ramani ya uwanja inabadilika, mfereji unahama, pengine hata mti unang'olewa. Hayo yote hayawezi kuonekana kwenye maneno "Rampu, 1". Andika hivi: rampu ya zege, mwinuko milimita 450, uwiano 1 kwa 12, upana milimita 1,200, sehemu bapa mbili za milimita 1,500, kingo na vishikio pande zote mbili. Mkadiriaji majenzi ataweza kuitia bei, na wewe utaweza kuikagua.

Kuikagua hakuhitaji mhandisi. Chukua pima maji ya mita 1.2, weka ncha moja juu ya mteremko, inua ncha ya upande wa chini mpaka kiputo kikae katikati, kisha pima pengo kati ya ncha hiyo na zege. Lisizidi sentimita 10. Kwenye ile rampu ya mita 3 utakuta sentimita 18. Fanya hivyo mapema, ubao wa kumwagia zege ukiwa bado umesimama. Zege likishakauka, mazungumzo yanakuwa ya fedha.

Sasa hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wenzangu. Wao wanataka kila kitu cha ulemavu kiwe na kasma yake, kionekane. Mimi nasema kitu cha jengo kikae ndani ya kazi ya jengo. Mlango wa choo wenye upana wa milimita 900 uwe kwenye orodha ya milango pamoja na mingine. Kitimwendo cha kawaida kina upana wa milimita 650 hadi 700, na mikono ya mwendeshaji inahitaji nafasi pembeni, kwa hiyo mlango wa 750 haufai. Ukiuandika kwenye orodha ya milango, seremala atatengeneza fremu ya 900 na hakuna atakayeujadili. Ukiuandika kwenye kasma ya pembeni kama "kupanua mlango", umeshawaambia wote kwamba mlango halisi ni ule mwembamba.

Vishikio vya chooni vinaonyesha jambo hilo vizuri zaidi. Vinanunuliwa mwishoni, wakati wa umaliziaji, na bei yake si kubwa. Lakini ukuta unaovishika ulijengwa miezi kadhaa nyuma. Kama fundi alitumia matofali yenye matundu bila kuyajaza zege pale vishikio vitakapofungwa, skrubu zitashika plasta na ganda jembamba la tofali. Vitapendeza siku ya makabidhiano. Mtu wa kwanza atakayejivuta kutoka kwenye kitimwendo kwenda kwenye choo ataving'oa, na anaweza kuanguka navyo. Kwa hiyo maneno "jaza zege kwenye matofali, usawa wa vishikio" yaandikwe kwenye kazi ya kuta, na kasma ya vishikio ibaki na vyuma na ufungaji tu. Kabla ya kulipa, vishike kwa mikono miwili na uning'inie kwa uzito wako wote. Fundi akikuzuia, jibu umeshalipata.

Mfadhili bado anataka kuona takwimu? Mpe. Weka alama kwenye kila kazi inayohusika ndani ya mchanganuo, kisha tengeneza jedwali dogo linalojumlisha nyongeza peke yake: tofauti ya bei kati ya mlango wa 750 na wa 900, ukubwa wa ziada wa chumba cha choo ili kipatikane kipenyo cha mita 1.5 cha kugeuzia, zege la kujaza matofali, rampu nzima. Jedwali hilo ni la kusoma, si la kulipia. Fedha zenyewe zimekaa ndani ya kazi husika, na kuzikata kunamaanisha kukata mlango.

Mtaambiwa pia kwamba miundombinu hii hugharimu asilimia 1 ya ujenzi au chini ya hapo. Kwa jengo kubwa linalosanifiwa upya hesabu hiyo si mbaya. Kwa ofisi ya vyumba viwili haifiki mbali, kwa sababu rampu ya sentimita 45 ina urefu uleule hata kama nyuma yake kuna chumba kimoja au ishirini. Kwa hiyo pima kwanza, asilimia utaijua baadaye. Na kabla ya kupima, muulize msanifu kama uwanja wenyewe unaweza kuinuliwa kwa kifusi taratibu, kwa uwiano wa 1 kwa 20. Kwa sentimita 45 ni mita 9 za uwanja. Ikiwezekana, huna rampu, huna vishikio vya rampu, na kila mtu anaingia kwa njia moja, hata anayeleta cherehani kwa mkokoteni.

Upande wa mafunzo mambo yanageuka. Huku kasma ya kujitegemea inahitajika kweli, kwa sababu mahitaji hayajulikani mpaka watu wajiandikishe, na kujiandikisha huja miezi mingi baada ya bajeti kupitishwa. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuandika "Mkalimani wa lugha ya alama, 1, siku 5". Mkalimani mmoja hawezi kufanya kazi kutwa. Baada ya dakika 20 hadi 30 umakini hushuka, anaanza kuruka maneno, na kiziwi anayemtegemea hana njia ya kujua kilichorukwa. Wanahitajika wawili wa kupokezana. Kwa mafunzo ya siku 5 hizo ni siku 10 za mkalimani, na kama wanatoka mkoa mwingine ongeza nauli, malazi na siku za safari. Ongeza pia nusu siku ya maandalizi kwa kila mmoja, akae na mkufunzi wapitie istilahi za ushonaji: pindo, rinda, kola. Asiyejua mkufunzi anaongelea nini atatahajia neno herufi kwa herufi darasa zima likisubiri. Kwa Tanzania, CHAVITA, chama cha viziwi, ndipo pa kuanzia kuulizia wakalimani. Waulize mapema, kwa kuwa si wengi.

Wasaidizi husahaulika kwa namna ya ajabu. Mshiriki asiyeona anakuja na msaidizi wake, nauli ya msaidizi imelipwa, halafu saa saba mchana sahani hazitoshi kwa sababu mkataba wa ukumbi ulihesabu washiriki 25. Msaidizi ni mtu wa kula, kulala na kupewa posho ya safari. Wakalimani pia. Ukiwa na wasaidizi wawili na wakalimani wawili, mpishi aambiwe 29, na mkufunzi awe wa 30.

Kujua nani anahitaji nini, fomu ya kujiandikisha iulize mahitaji badala ya kuuliza aina ya ulemavu. "Unahitaji nini ili ushiriki vizuri?" kisha mifano: mkalimani, nukta nundu, maandishi makubwa, msaidizi, usafiri wa bajaji hadi mlangoni. Maandishi makubwa yanawafaa wengi wenye ualbino, na gharama yake ni karatasi tu. Nukta nundu ni habari nyingine. Ukurasa mmoja wa kawaida huweza kuwa kurasa mbili au tatu, na kazi ya kuuandaa inadai muda. Kwa hiyo muulize mhusika kwanza kama anaisoma. Wapo wanaopendelea faili la kusikiliza kwenye simu, na hilo ni bure ukilituma siku chache kabla.

Kwenye maelezo ya bajeti andika sentensi mbili: fedha zinaweza kuhamishwa kati ya vipengele ndani ya kasma hii kwa idhini ya meneja wa mradi, lakini haziwezi kutoka nje ya kasma bila idhini ya maandishi ya mfadhili. Hivyo fedha za mkalimani zitaweza kugeuka bajaji bila barua, lakini haziwezi kugeuka mafuta ya gari la ofisi. Na mwisho wa robo ukikuta kasma haijaguswa, usikimbilie kuandika kwamba hakuna mwenye ulemavu aliyejitokeza. Tafuta fomu kwanza uone kama swali liliulizwa, kisha uone tangazo la mafunzo lilipita wapi. Tangazo la redioni peke yake halimfikii kiziwi.

Kipengele cha mwisho ninachokiweka siku hizi ni kidogo kuliko vyote: siku mbili za ukaguzi wa watumiaji, pamoja na posho na usafiri wao. Anayetumia kitimwendo na asiyeona wanapita jengoni kabla ya hati ya ukamilishaji, na mara ya pili kabla ya mwisho wa kipindi cha matazamio, ambacho mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro, fedha ya zuio, yaani sehemu ya malipo yake uliyoishikilia, ikiwa bado mkononi mwako. Ziara ya pili ndiyo inayofichua zaidi, maana wakati huo choo kile kipana kimeshageuzwa stoo ya mafagio na ufunguo anao mtu ambaye hayupo kazini.