Usiingie kwenye mtihani huo kabla hujaandika barua

*"Wakuu, niko mwaka wa tatu hapa Unguja. GPA yangu mpaka sasa ni 4.4. Naumwa homa kali tokea Jumanne, na Jumatatu nina mtihani wa takwimu, krediti 10. Wenzangu wananambia niingie hivyo hivyo, nikianguka ipo sapu. Je, nitabaki kwenye orodha ya heshima? Nafasi darasani inaandikwa kwenye transkripti? Na skolashipu na waajiri wanaangalia nini hasa?"*

Hao wenzako wanaokwambia "ipo sapu" wana GPA ngapi? Waulize leo hii. Mimi aliyenambia maneno hayo alikuwa kaka wa mwaka wa juu, mtu wa kujua kila kitu, hata bei ya pweza Darajani alikuwa akiijua kabla ya wavuvi. Akanambia: "Ingia, andika jina lako, toka. Sapu utajisomea kwa raha, utapiga A." Nikamwamini kwa sababu alikuwa amevaa shati la kuchomekea. Wallahi sina sababu nyengine.

Sikiliza. Sapu haitoi A. Kwa chuo chetu, na ndivyo ilivyo vyuo vingi vya Tanzania, ukifaulu mtihani wa marudio unaandikiwa C hata kama karatasi yako imepata 90. Mimi nilipata 74. Mwalimu mwenyewe alinipongeza, akanipa mkono. Kwenye matokeo ikaja C, na C ni pointi 2. Ile A niliyokuwa naiwinda ni pointi 5.

Sasa nikufanyie hesabu yangu mwenyewe, maana haya mambo mtu hayaelewi mpaka ayaone kwa namba. Digrii yetu ilikuwa ya krediti 360: masomo 36, kila somo krediti 10. A inahesabiwa 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Unazidisha pointi za kila somo kwa krediti zake, unajumlisha yote, unagawa kwa jumla ya krediti. Kwa kuwa kwetu kila somo lilikuwa na krediti sawa, unaweza kujumlisha pointi tu na kugawa kwa 36. Kama chuo chenu kina masomo ya krediti 8 na mengine 12, usifupishe hivyo, utajidanganya.

Mpaka namaliza nilikuwa na A 17, B+ 17, B moja, na ile C ya sapu. Jumla pointi 158. Gawa kwa 36, unapata 4.388. Daraja la kwanza linaanzia 4.4. Utasema si wataizungusha iwe 4.4? Hawazungushi, ndugu yangu. Wanakata. Tarakimu moja baada ya nukta inabaki, zinazofuata zinatupwa. Kwa hiyo 4.388 ikawa 4.3, na 4.3 ni daraja la pili la juu. Nilikwenda ofisini kuwaonyesha kikokotoo cha simu yangu. Bwana yule akanitazama kama nimeleta shauri la mirathi.

Na hapa ndipo panaponiuma mpaka kesho. Sikuhitaji A kwenye somo lile. Hata B+ sikuihitaji. Weka B badala ya C, jumla inakuwa 159, ukigawa kwa 36 ni 4.416, wanakata inabaki 4.4. Daraja la kwanza. B kwetu inaanzia alama 50. Kosiweki nilikuwa nayo 31 kati ya 40. Maana yake mtihani wa mwisho nilitakiwa nipate 19 tu kati ya 60. Kumi na tisa! Siku ile nimeingia natetemeka kwa malaria, macho yanaona mistari miwili miwili, nikapata 7. Jumla 38, ikawa D, nikapelekwa sapu, na kwenye sapu yetu kosiweki haihesabiki tena. Zile 31 nilizozikesha zikaenda na maji.

Sasa kitu ambacho yule kaka hakunambia, na karani wa mitihani naye niliyemuuliza dirishani akanijibu "ingia tu" bila ya kuinua kichwa. Kuna sapu, na kuna mtihani maalumu, ambao wengine wanauita speshali. Hivi viwili mara nyingi vinafanywa wiki moja, chumba kimoja, na karatasi inaweza kuwa ile ile moja. Kwa nje huwezi kujua nani yuko kwa lipi. Lakini mwenye sapu ni mtu aliyefanya mtihani akaanguka, na kiwango chake kimefungwa kwenye C. Mwenye mtihani maalumu ni mtu aliyeruhusiwa kuahirisha kwa sababu inayokubalika, kama maradhi au msiba, na kwake ule ndio mtihani wake wa kwanza. Kosiweki yake inahesabika. Akipata A, ni A. Wakati mimi napokea C yangu kwa 74, dada aliyekaa kiti cha pili yangu alipata 71 akaandikiwa A, kwa sababu yeye aliandika barua. Alikuwa na mafua! Mafua na barua vimemshinda mtu mwenye malaria asiyekuwa na barua.

Kinachotenganisha watu hawa wawili ni kitu kimoja tu: ukishaingia, ukasaini karatasi ya mahudhurio, umekubali kuwa uko mzima. Ukitoka ukaenda kusema nilikuwa naumwa, utaambiwa mbona ulisaini. Mimi nilirudi na vyeti vyote, wakanisikiliza kwa adabu kabisa, wakanikatalia kwa adabu kabisa.

Usije lakini ukalala nyumbani kimya kimya Jumatatu ukidhani umenielewa. Kutofika bila ya ruhusa ni kubaya kuliko kuanguka; vyuo vingi kanuni zao zinaruhusu kukuondoa kabisa kwa hilo. Na jambo la tatu linalosahaulika: ukiingia mgonjwa ukabahatika kupata 42, hiyo ni C, umefaulu, na hakuna sapu wala nini. Haurudii somo ulilofaulu ili upandishe alama. Watu wanaogopa kuanguka, mimi ningekuogopea zaidi hiyo 42.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda hospitali inayotambulika, kama uko mjini Mnazi Mmoja, au zahanati ya chuo ikiwa ipo. Usitegemee risiti ya duka la dawa, hiyo inathibitisha kwamba ulinunua panadoli tu. Unataka karatasi ya daktari yenye jina lako, tarehe, muhuri, na idadi ya siku anazokupumzisha, na siku hizo lazima ziifikie Jumatatu. Watu wengi wanakwama hapo: daktari anaandika siku mbili, mtihani uko siku ya nne. Mwambie tarehe ya mtihani wako mapema aijue, kisha aamue kwa kukupima.

Halafu andika barua ya kuomba kuahirisha mtihani. Ukurasa mmoja unatosha: jina, namba ya usajili, somo na namba yake, tarehe ya mtihani, sababu, na karatasi ya daktari nyuma yake. Ipitishe kwa mkuu wa idara iende kwa mkuu wa skuli yenu, au kwa yeyote anayetajwa kwenye kanuni za mitihani. Kama chuo chenu kina fomu yake, jaza fomu. Peleka nakala mbili na yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Huwezi kutembea, mtume ndugu yako, lakini muhuri arudi nao. Na usubiri jibu la maandishi. "Tumekuelewa" ya mdomoni si ruhusa. Aliyekuelewa leo anaweza kuwa likizo Pemba siku ya kikao.

Orodha ya heshima uliyouliza: kwetu kulikuwa na sharti la GPA na sharti la kufaulu masomo yote kwa mtihani wa kwanza. Mwenye sapu hata moja hakuwa anatazamwa, hata GPA yake ikiwa 4.7. Mwenye mtihani maalumu anatazamwa, ingawa jina lake linaweza kuchelewa kwa sababu matokeo yake hayajatoka. Fungua kitabu cha kanuni cha chuo chenu utafute hayo masharti mawili, yatakuwa ukurasa mmoja.

Nafasi darasani, hapana, transkripti yetu haikuwa nayo. Haya mambo ya "wa 3 kati ya 48" tumetoka nayo skuli. Hata Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza watahiniwa kumi bora tokea Januari 2023. Fomu ya skolashipu ikitaka nafasi yako, omba barua kwa msajili, usijipangie mwenyewe.

Skolashipu nyingi kubwa hazitaki daraja la kwanza. Ile ya Jumuiya ya Madola na Chevening zinaanzia daraja la pili la juu, kwa hiyo hata mimi na 4.3 yangu nilikuwa na haki ya kuomba. Ila niliyoitaka mimi, ya fani yangu hasa, tangazo lake liliandika daraja la kwanza tu, na mfumo wao ulikuwa na kisanduku cha kuchagua daraja. Nilipochagua la pili, kitufe cha kuendelea kikafifia. Sikupata hata nafasi ya kumsimulia mtu habari za homa.

Waajiri ndio wepesi kuliko wote. Kazi za kufundisha chuo kikuu zina kikomo chao, 3.8 kwa digrii ya kwanza, na hapo hawana mjadala. Kwengine nilikokwenda waliangalia cheti kipo, wakanipa usaili wa kuandika. Hotelini Nungwi waliniuliza kama najua Kitaliano.

Hayo ya waajiri tutayazungumza ukishapona. Kesho ni Ijumaa, ofisini watu wanaanza kutoka saa tano na nusu kwenda kusali na wengine hawarudi, na Jumamosi hakuna kazi. Hospitali nenda usiku huu, barua iwe mezani kwa mkuu wa idara saa mbili asubuhi.