Orodha kwanza, wazo baadaye

"Nina laki nane, nitafute wazo la biashara kwanza au niorodheshe nilivyo navyo?"

Orodhesha kwanza. Mtafiti wa ujasiriamali Saras Sarasvathy aliwahoji wajasiriamali wazoefu, na mwaka 2001 akaeleza kuwa huanzia na walichonacho: wao ni nani, wanajua nini, wanamjua nani. Mimi huongeza safu ya usivyovipenda. Wengi huiruka, na ndiyo inayookoa mtaji.

Dada yangu anajua kushona, ana cherehani na chumba cha uani, shemeji yake ni mwalimu wa msingi. Asivyopenda: kukopesha na kukaa dukani kutwa. Duka la vitenge likafutika hapo hapo, zikabaki sare za shule. Oda huja kwa mkupuo kabla ya Januari, na mzazi hutoa nusu ya bei kabla kitambaa hakijakatwa.

Anayesema "angalia soko kwanza" ana hoja kiasi, maana orodha haikuambii kama wateja wapo. Pata oda mbili tatu zenye advansi kabla hujanunua jora. Na safu ya watu usiijaze majina ya simu yako yote. Mwandike yule ambaye ukimpigia leo atakufanyia jambo.