Kasma imebakiza milioni 28, au imezidiwa?

"Wakuu, ripoti ya bajeti ya idara inasema ukarabati uliidhinishiwa milioni 100 na tumetumia milioni 72. Hesabu za mwisho wa mwaka zinasema gharama ya ukarabati ni milioni 91. Nani kakosea?"

Huenda hakuna aliyekosea. Nimefunga hesabu za idara miaka kadhaa, na swali hili huja kila mwaka.

Ile milioni 100 ndiyo kasma, yaani fungu lenu la bajeti: ni ruhusa ya Bunge, ukomo ambao hamtakiwi kuuvuka. Haina maana kwamba fedha hizo ziliingia kwenye akaunti. Milioni 72 ni fedha taslimu zilizotoka hadi siku ya mwisho ya mwaka, bila kujali zililipia kazi ya lini. Milioni 91 imepatikana kwa msingi wa limbikizo: thamani ya kazi iliyofanyika ndani ya mwaka, iwe imelipwa au bado.

Namba zako zinaweza kukutana hivi. Tuseme kati ya zile 72, milioni 9 zililipa ankara za mwaka uliotangulia. Kazi ya mwaka huu iliyolipwa inakuwa 63. Ongeza ankara za milioni 28 za kazi iliyokamilika mwezi wa mwisho, zikiwa bado mezani. Unapata 91.

Sasa tazama ile bakaa. Mia moja toa 72 ni 28, na wadai wenu nao wanadai 28 hiyo hiyo! Mkubwa anaona "akiba", kumbe kasma imekwisha. Na kama kuna oda ya ununuzi ya milioni 14 iliyotolewa nje ya mfumo, fundi hajaanza kazi, haitaonekana katika 72 wala 91. Lakini 72 na 28 na 14 ni 114, juu ya ukomo wa 100.

Ubaya ni kwamba katika nchi nyingi ruhusa ambayo haijatumika hufa mwaka ukiisha. Ile 28 italipwa kutoka kasma ya mwaka mpya, kama ilivyokuwa kwa ile 9. Niliwahi kukuta droo imejaa ankara ambazo hazikugongwa muhuri wa kupokelewa, eti zisubiri mwaka mpya. Kwenye fedha taslimu mchezo huo hauonekani kabisa. Limbikizo nalo huliona deni pale tu mtu anapoliandika.

Kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa sekta ya umma, IPSAS 24, kinataka bajeti ya awali, bajeti ya mwisho na matumizi halisi vioneshwe kwa msingi uleule wa bajeti, kisha tofauti na hesabu za mwaka isuluhishwe. Omba jedwali hilo la usuluhisho. Wasipokuwa nalo, chukua vocha za malipo za miezi miwili ya kwanza ya mwaka mpya, usome tarehe ya kupokea kazi kwenye kila moja. Zote zenye tarehe ya mwaka wa zamani, jumlisha, kisha linganisha na orodha ya wadai.