Kabla muuza kahawa hajasaini kuuza fakture yake

Ukianza kazi ya kuwasomea wauza kahawa wadogo wa Bukavu ofa za wafadhili wa nje wanaotaka kununua fakture zao kabla mnunuzi hajalipa, utakuta karibu kila mmoja ameshashika namba moja tu kichwani. Ameambiwa kwa simu kwamba atalipwa mapema na gharama ni asilimia moja na nusu, basi. Karatasi zinafika baadaye, kurasa nyingi za Kiingereza au Kifaransa, na wewe unaitwa ili uthibitishe kile alichokwisha kuamini. Usianze na asilimia. Anza na swali ambalo mama mmoja mwenye stesheni ya kuoshea kahawa upande wa Kalehe aliniuliza kabla sijafungua hata ukurasa wa pili: "Mwanangu, iyi makuta ikishaingia kwenye konti, iko yangu ao iko deni?"

Jibu la mama yule linakaa kwenye kifungu kinachoeleza nini kitatokea mnunuzi asipolipa. Kitafute kwanza. Ofa nyingi zinazowafikia wauzaji wadogo zinampa mfadhili haki ya kumrudia muuzaji: siku ya malipo ikipita, na siku za nyongeza zikaisha, mara nyingi 30, 60 au 90, muuzaji anainunua tena fakture yake kwa pesa taslimu. Hapo umwambie wazi kuwa fedha hiyo ni deni mpaka mnunuzi wa Ulaya alipe, hata kama juu ya karatasi pameandikwa "mauzo".

Kuna ofa nyingine zinasema mfadhili hatamrudia muuzaji. Zinagharimu zaidi, na watu huzifurahia kupita kiasi. Soma maneno yanayofuata, utaona kinga hiyo inamhusu mnunuzi aliyefilisika, au aliyeshindwa kulipa deni asilolipinga. Mnunuzi akisema kahawa imefika na unyevu, au haifanani na sampuli aliyoionja, kinga inaondoka siku ileile na mfadhili anageuka kumdai muuzaji. Katika kahawa, ugomvi wa ubora ni jambo la kila msimu, kuliko kampuni kufilisika. Kwa hiyo muuzaji anaweza kulipia kinga dhidi ya hatari ndogo, huku hatari kubwa ikabaki mgongoni mwake. Mweleze hivyo kabla hajatoa pesa ya ziada.

Sasa hesabu. Ifanye mbele yake, kwa kalamu, kwa kontena moja. Tuchukue magunia 320 ya kilo 60, yaani kilo 19,200, kwa dola 6 kilo, kahawa ikikabidhiwa melini Mombasa. Fakture ni dola 115,200, na mnunuzi atalipa siku 60 baada ya tarehe ya hati ya meli. Ofa inasema: tutakulipa asilimia 80 mara moja, ada ya huduma ni asilimia 1.5 ya fakture, na riba ni asilimia 12 kwa mwaka juu ya kile tulichokutangulizia.

Asilimia 80 ni dola 92,160. Zile 23,040 zinazobaki mfadhili anazishika mpaka mnunuzi alipe. Ada inahesabiwa juu ya fakture nzima, si juu ya fedha iliyotangulizwa, kwa hiyo ni 1,728. Riba ya siku 60, kwa mwaka wa siku 360 kama desturi ya mikopo ya dola, ni 1,843.20. Jumla ni dola 3,571.20. Muuzaji ametumia 92,160 kwa miezi miwili na amelipa karibu asilimia 3.9 yake; ukiifanya ya mwaka mzima unapita asilimia 23. Ile "moja na nusu" ya kwenye simu ilikuwa ada peke yake. Na ile 12 mara nyingi haikuandikwa kama 12: imeandikwa SOFR pamoja na nyongeza fulani. SOFR ni riba ya dola ya Marekani iliyochukua nafasi ya riba ya zamani, LIBOR ya dola, mwaka 2023, nayo hupanda na kushuka. Angalia kama kuna kiwango cha chini ambacho haitashuka kupita hapo, maana kikiwepo, faida ya riba kushuka inamwendea mfadhili.

Wengi wanaoanza huishia hapo, wakaona wamemaliza. Fanya hesabu ya pili, ya msimu mbaya. Mnunuzi amelipa siku ya 90 badala ya 60, na amekata asilimia 8 kwa sababu ya ubora. Riba ya siku 90 ni 2,764.80, ukiongeza ada inakuwa 4,492.80. Makato ya ubora ni 9,216. Vyote hivyo vinatoka kwenye zile 23,040 zilizoshikwa, kwa hiyo zinazomrudia muuzaji ni 9,331.20. Sasa muulize fedha ile alikuwa ameipangia nini. Mara nyingi atanyamaza, kwa sababu ndiyo aliyowaahidi wakulima kama malipo ya pili. Mama yule wa Kalehe alichukua kalamu akakata mstari juu ya ahadi yake kwa wakulima, akaandika nyingine ndogo zaidi, itakayotangazwa baada ya mnunuzi kulipa. Kwangu hiyo ndiyo kazi yenyewe, kuliko kumpunguzia mtu nusu asilimia ya ada.

Ofa ya namna ya pili huanzia kwa mnunuzi. Kampuni kubwa ya kukaanga kahawa ina mpango na benki yake: fakture ikiingia kwenye mfumo na mnunuzi akaikubali, benki inamlipa muuzaji mapema, kisha mnunuzi anailipa benki siku yake ikifika. Bei inafuata nguvu ya mnunuzi, si ya muuzaji wa Kivu, ndiyo maana ni nafuu. Kwa fakture ileile, riba ikiwa asilimia 7 na mnunuzi akikubali siku ya 10, muuzaji anapata fakture yote ukitoa riba ya siku 50, yaani dola 1,120. Hakuna asilimia 20 iliyoshikwa. Na kwa kawaida, mnunuzi akishakubali, ameahidi kuilipa benki bila kukata chochote. Fedha hiyo iko ya muuzaji kweli.

Lakini yote yanategemea siku ya kukubaliwa, na ofa mara nyingi haisemi lolote juu yake. Uliza kwa maandishi: mnunuzi anakubali fakture akipokea hati za meli, au akishaipokea kahawa yenyewe na kuionja? Ikiwa ni mpaka aionje, hesabu majuma ya baharini kutoka Mombasa hadi Antwerp au Hamburg, ongeza siku za bandari na za maabara. Kibali kikitoka siku ya 45, "malipo ya mapema" yamekuwa mapema kwa siku 15 tu, na riba nafuu haina maana kwa mtu aliyehitaji fedha siku ya 10.

Angalia pia kama mnunuzi, pamoja na mpango huo, anaomba kubadilisha siku za malipo kutoka 60 hadi 120. Riba ileile ya 7 kwa siku 110 ni dola 2,464, zaidi ya mara mbili, na anayeilipa ni muuzaji. Mpango wenyewe pia, kwa kawaida, benki inaweza kuusimamisha bila kumwuliza muuzaji. Machi 2021 Greensill Capital, iliyokuwa jina kubwa katika biashara hii, ilifilisika, na kampuni zilizoizoea zikabaki zikitafuta fedha kwingine. Muuzaji aliyekubali siku 120 kwa sababu ya mpango atabaki na zile siku 120 hata mpango ukifa. Mwambie aombe kifungu kinachorudisha siku 60 mpango ukisimama.

Jambo moja ambalo ofa zote mbili hazifanyi, na muuzaji anaweza kudhani zinafanya: hazinunui kahawa mbivu kwa mkulima. Fakture haipo mpaka mzigo uondoke. Wakati wa mavuno mtu anahitaji mkopo wa kabla ya kusafirisha, na hapo ndipo ajali mbaya kuliko zote hutokea. Kooperative nyingi zimechukua mkopo wa namna hiyo kwa dhamana ya kontrati ya mnunuzi: mnunuzi amesaini kwamba atamlipa mkopeshaji moja kwa moja. Fakture ya kontrati hiyo ikiuzwa kwa mfadhili mwingine, mali moja imeahidiwa kwa watu wawili. Kongo iko tangu 2012 ndani ya OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, na dhamana zinaweza kuandikishwa kwenye rejista ya biashara, ile RCCM, kwa hiyo mfadhili makini ataigundua. Asiye makini ataigundua mnunuzi atakapopokea barua mbili za kutaka alipe konti mbili, na mnunuzi wa namna hiyo husimamisha malipo yote mpaka wagombane wamalize. Kwa hiyo kabla ya yote, omba kuona kila kontrati ya mkopo iliyo hai. Ikiwepo moja, mkopeshaji wa kwanza aandike barua ya kuachilia fakture hiyo, au alipwe kwanza kutoka kwenye ile asilimia 80.

Kisha kuna njia ya fedha kurudi. Hati ya EB ya kusafirisha inaandikwa kwa thamani yote ya mauzo, na benki iliyoithibitisha inategemea kuona fedha ikiingia. Mfadhili akileta 92,160 leo, na sehemu iliyobaki baada ya miezi mitatu ikiwa pungufu, kutoka kampuni ambayo jina lake halimo kwenye hati, benki itauliza. Muuzaji aende benki na rasimu ya kontrati mkononi kabla hajasaini, si baada.

Na usome kifungu kinachompa mfadhili ruhusa ya kusimama hali ikibadilika. Benki zilipofunga milango Goma Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, wenye konti za hapa tu walikosa pa kupokelea fedha. Kifungu cha namna hiyo huandikwa kwa upana: vita, kufungwa kwa benki, mpaka kufungwa, kwa maoni ya mfadhili. Kukifuta hawatakubali. Wanachoweza kukubali ni kwamba kitahusu fakture mpya tu, na kwamba zile walizokwisha kuzinunua hazitadaiwa kabla ya siku yake. Omba hilo kwa maandishi, na omba konti ya pili ya kupokelea itajwe kwenye kontrati tangu mwanzo, ikiwa imeshakubaliwa na benki ya muuzaji.