Bibi anapiga kila asubuhi tukimwosha: apewe dawa ya kumtuliza au la?

*Wakuu, nipo Uingereza, nina miezi minne tangu nianze kazi kwenye nyumba ya wazee. Kuna bibi ana demensia, kila asubuhi tukimwosha anapiga, anauma, anatukana. Msimamizi anataka daktari amwandikie dawa ya kumtuliza. Wenzangu wawili wanasema mwongozo unakataza. Ukweli ni upi?*

Dada, wote wameshika nusu. Mwongozo wa demensia wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, ule unaoitwa NG97 wa mwaka 2018, haukatazi dawa. Unasema kwamba kabla ya kuanza tiba yoyote, mtafute kwanza kinachomsumbua mgonjwa: maumivu, kuchanganyikiwa kwa ghafla kunakoletwa na maradhi mengine, au namna nyinyi wenyewe mnavyomhudumia. Dawa za kutuliza akili zinaingia pale tu ambapo yupo hatarini kujiumiza au kuumiza wengine, au pale ambapo fadhaa, kuona visivyokuwepo au dhana zisizo za kweli zinamtesa vibaya sana.

Nikupe kisa kimoja nilichokishika kwa mikono yangu, maana kinafanana na chenu. Tulikuwa na mzee wa miaka 81, seremala mstaafu, ana Alzaima na maneno yamebaki machache. Asubuhi ilikuwa vita. Mimi mwenyewe alinipiga kiwiko cha taya, nikarudi nyumbani siwezi kutafuna. Kwenye makabidhiano tulikuwa tunaandika "mkali, amekataa kuoshwa", basi. Neno "mkali" halimsaidii daktari wala nesi, linakuonyesha tu kwamba mwandishi alikuwa amechoka.

Nesi wetu akaleta karatasi ya ABC. Ina safu tatu: nini kilitangulia, alifanya nini hasa, na nini kilifuata. Sharti lake ni kuandika unachokiona, siyo unachokifikiria. Usiandike "alikasirika", andika "nilishika mkono wa kushoto kuuingiza kwenye shati, akapiga kelele, akanisukuma kifuani". Tulijaza siku 12. Yakatoka matukio 17. 14 yalikuwa wakati wa kuosha na kuvalisha, na 11 kati ya hayo yalitokea mkono wa kushoto ulipoinuliwa. Jumapili mbili hakukuwa na tukio lolote, kwa sababu mwenzetu wa Jumapili alikuwa anamwacha anywe chai kwanza na kumvalisha karibu na saa nne.

Hapo nesi akampima maumivu kwa kipimo cha Abbey, ambacho hakimtegemei mgonjwa aseme "inauma". Unaangalia mambo sita, kama sauti anazotoa, uso unavyokunjamana na mwili unavyojikaza, kila moja kuanzia 0 hadi 3. Alipata 9, yaani maumivu ya wastani. Apimwe wakati anageuzwa na kuoshwa, dada. Ukimpima ametulia kitini utapata 1 au 2 na kuhitimisha kwamba hana shida.

Daktari alipokuja akakuta bega la kushoto limekakamaa. Halafu likajitokeza jambo lililonikera mpaka leo: panadol alikuwa ameandikiwa tangu zamani, ila kwa maelezo ya "apewe akihitaji". Sasa mtu asiyeweza kuomba atahitaji vipi? Kwa wiki sita zilizotangulia alikuwa amepewa mara mbili tu. Daktari akaibadilisha iwe ya saa maalumu, gramu 1 mara nne kwa siku, na dozi ya kwanza ikatolewa na nesi wa usiku saa kumi na mbili asubuhi. Kuosha kukasogezwa hadi saa moja na robo au zaidi, dawa ikiwa imeshaanza kufanya kazi. (Huyu alikuwa na kilo 61. Bibi yenu akiwa mwembamba, hasa chini ya kilo 50, daktari huwa anapunguza, kwa hiyo msinakili dozi yangu.)

Na sisi tukabadilika. Kuvaa, mkono unaouma unaanza. Kuvua, unaouma unamaliza, ili usiuvute kabisa. Tukamfunika taulo la moto na kuosha kipande kimoja kimoja badala ya kumwacha uchi akitetemeka. Tukampa kitambaa ashike na kujifuta uso mwenyewe. Na akaoshwa na mtu mmoja anayeongea, siyo wawili wanaopiga stori zao juu ya kichwa chake.

Baada ya wiki tatu tukajaza tena siku 12: matukio 4. Mawili yalikuwa siku alipokuja mfanyakazi wa wakala ambaye hakuusoma mpango wa huduma. Hakuwa malaika, matusi yaliendelea, ila hakuna aliyeumia.

Kisa hiki si cha peke yake. Norwe walichapisha utafiti mwaka 2011, wagonjwa 352 wa demensia waliokuwa na fadhaa, kwenye nyumba 18. Karibu nusu ya wagonjwa walitibiwa maumivu kwa ngazi, wengi wakianzia parasetamoli tu, na kwa wiki 8 fadhaa ikapungua kwa asilimia 17 hivi ikilinganishwa na wengine.

Kama bibi yenu alikuwa mpole na amebadilika ndani ya siku mbili tatu, msingoje siku 12 za karatasi. Mwiteni nesi au daktari siku hiyo hiyo: maambukizi, choo kigumu, mkojo kuziba, dawa mpya. Ukimwona leo kama mwehu na kesho amesinzia hovyo, hiyo siyo demensia inayosonga mbele.

Kuhusu dawa yenyewe. Mojawapo ya zinazoruhusiwa hapa Uingereza kwa ukali wa mtu mwenye Alzaima ni risperidoni, kwa muda usiozidi wiki 6, baada ya njia nyingine kushindwa na pakiwa na hatari ya madhara. Sababu ya woga ni hii: mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba katika majaribio ya takriban wiki 10, katika kila wazee 100 waliotumia dawa za kundi hili walikufa kama 4 au 5, na waliopewa vidonge bandia walikufa kama 2 au 3. Kuna kiharusi pia, na kuanguka. Mwenye demensia ya miili ya Lewy anaweza kukakamaa vibaya sana, kwa hiyo aina ya demensia iulizwe kabla ya kidonge cha kwanza.

Nimeona pia ilipofaa. Mama mmoja aliamini jirani yake wa chumba cha pili ni mwizi, akampasua kichwa kwa fimbo ya kutembelea. Karatasi, vipimo, kubadilisha chumba, yote yalijaribiwa. Daktari alizungumza na binti yake, akaanza na miligramu 0.25 mara mbili kwa siku. Alipungua ukali, lakini wiki ya nne akaanza kuburuza miguu na kulala saa za chakula. Zamu nzima iliandika "ametulia vizuri". Ni binti yake aliyeuliza kwa nini mama hamalizi tena uji. Kwenye mapitio ya wiki ya sita dawa ikasimamishwa, hakurudia kupiga.

Kwa hiyo kesho mwambie msimamizi unaomba karatasi ya ABC na kipimo cha maumivu wakati wa kuosha, na uangalie kwenye chati ya dawa kama panadol imeandikwa "akihitaji". Kisha urudi utuambie: sweta mnamwanzishia mkono upi?