Kutafsiri muswada wa filamu bila kuvuruga muundo wake

Katika kazi yangu ya kutafsiri miswada ya filamu hapa Bagamoyo, ambako maonyesho mengi hupigwa Mji Mkongwe na ufukweni, nimeona kwamba matatizo makubwa hutokea pale ambapo tafsiri nzuri imeingizwa kwenye faili ambalo kompyuta haiwezi tena kulisoma kama muswada. Nitaeleza jinsi ninavyolishughulikia jambo hili katika Fountain, mtindo wa kuandika muswada kwa maandishi matupu, ambao hutambua kila kipande kwa alama chache, herufi kubwa na mistari mitupu.

Tuchukue onyesho la 12, linalofanyika kwenye mnada wa samaki. Kwa Kiswahili ningeliandika hivi:

```
.NJE. MNADA WA SAMAKI - ALFAJIRI #12#

Mzee Mvuvi anakunja wavu. Rehema yuko nyuma yake.

MZEE MVUVI
(bila kugeuka)
Nilijua utarudi.

REHEMA
(akimpa barua)
Soma hii kwanza, Babu.
```

Nukta iliyo mwanzoni mwa mstari wa kwanza ndiyo inayolinda kichwa cha onyesho. Fountain hutambua vichwa vinavyoanza na vifupisho kama `INT.` na `EXT.`, lakini haijui NDANI wala NJE, kwa hiyo bila nukta hiyo mstari wote huhesabiwa kuwa maelezo ya kawaida. Hali huwa mbaya zaidi mtafsiri anapofuta mstari mtupu ulio chini ya kichwa, kwa sababu mstari wa herufi kubwa wenye nafasi juu yake na maandishi mara moja chini yake husomwa kuwa jina la mhusika. Hapo mnada wa samaki huingia kwenye orodha ya wahusika, na maelezo ya Mzee Mvuvi kukunja wavu huchapwa kama maneno ambayo mnada unayasema.

Kwa sababu hiyo mimi huacha `INT.` na `EXT.` kama zilivyo hadi mwisho wa kazi, nikitafsiri mahali na wakati tu, kisha huzibadilisha zote kwa mkupuo kuwa `.NDANI.` na `.NJE.`. Ikiwa faili litapelekwa kwa mtu anayepanga ratiba ya upigaji kwa programu inayotegemea vifupisho vile, ni heri kuviacha kabisa. Namba ya onyesho, iliyo kati ya alama mbili za `#`, niiweke kabla ya kuanza kutafsiri, ili matoleo mawili yaweze kulinganishwa hata baada ya kurasa kuongezeka.

Majina ya wahusika yanahitaji uangalifu wa aina nyingine. Jina halisi kama Rehema halina shida, lakini mhusika anayeitwa kwa kazi au umri wake huweza kuwa MZEE MVUVI katika ukurasa mmoja, MVUVI MZEE katika mwingine, na BABU katika wa tatu, na kompyuta itawahesabu kuwa watu watatu. Kabla ya kugusa mazungumzo, ninatengeneza jedwali lenye jina la asili, jina moja la Kiswahili litakalosimama juu ya mazungumzo, na namna wahusika wengine wanavyomwita. Rehema yuko huru kumwita Babu kwa heshima anayostahili mzee, ila juu ya maneno ya mzee huyo pabaki MZEE MVUVI daima. Ikiwa jina lazima liwe na herufi ndogo, litanguliwe na `@`, la sivyo litageuka kuwa maelezo.

Mabano ya maelekezo yakae kwenye mstari wake, chini ya jina, pasipo mstari mtupu kati yake. Yakibandikwa mwanzoni mwa mazungumzo yenyewe, huwa sehemu ya mazungumzo, na mwigizaji anaweza kuyasoma kwa sauti. Yawe mafupi, maana safu yake ni nyembamba kuliko ya mazungumzo na Kiswahili hupenda kurefuka: "bila kugeuka" inatosha, wala hakuna haja ya kueleza kwamba mzee anaendelea kutazama bahari. Tena, kwa kuwa "akimpa" haionyeshi mpokeaji ni mwanamume au mwanamke, onyesho likiwa na mtu wa tatu ninaandika "akimpa Mzee barua".

Nikimaliza, ninaiagiza programu itoe orodha ya wahusika na orodha ya maonyesho, kisha ninazilinganisha na jedwali na muswada wa asili. Jina lililozidi mara nyingi ni kichwa kilichopoteza nukta pamoja na mstari mtupu wa chini yake, au mhusika aliyeandikwa kwa namna mbili. Jina lililopungua huwa limeandikwa kwa herufi ndogo au limetenganishwa na maneno yake kwa mstari mtupu.