Mzigo haukutoboa tundu

Swali la wiki: "Je, ni kweli kwamba kubeba vitu vizito ndiko kunakoleta ngiri? Tuandikie ulivyoona kwako au kwa ndugu yako."

Mimi ni tabibu mstaafu, zahanati zangu zote zilikuwa upande wa Temeke, na swali hili nimeshaulizwa na watu wenye hasira kuliko ninyi. Mnisamehe basi nikianzia pembeni. Mtu akishasema "ni mzigo", hakuna anayetaka tena kujua kile kivimbe kimetoka wapi, kwa nini asubuhi hakipo na jioni kipo, na kwa nini kinachomoza mtu akikohoa. Mimi naona huko ndiko kwenye jibu.

Alinijia kijana mmoja, kuli wa Kariakoo, hajafika miaka thelathini, kifua kama mlango. Aliletwa na mjomba wake. Kinena cha kulia kilikuwa kinamvuta, hasa jioni, na akioga alikuwa anaona kitu laini kimejitokeza pale juu ya mkunjo wa paja. Alikuwa ameshapita zahanati nyingine. Huko walimlaza kitandani, wakambonyezabonyeza, hawakuona kitu, wakamwambia ana maambukizi ya njia ya mkojo, na dozi akaimaliza. Baada ya hapo akanunua dawa ya unga stendi, ile inayotibu ngiri, chango, mgongo na nguvu za kiume kwa kijiko hichohicho.

Kijana alinipa shikamoo akanyamaza. Mjomba ndiye aliyezungumza. "Dokta, ni gunia la mchele. Siku ile mvua imenyesha, sakafu inateleza, wakambebesha peke yake, akasikia kitu kimekatika. Sasa tunataka utuandikie hivyo, tumpelekee tajiri wake."

Nikamwambia, mzee wangu, barua baadaye, kwanza nimwone. Nikamwomba atoke nje, akakataa, akageuza kiti akaangalia ukutani.

Nilimsimamisha kijana kwenye sakafu, suruali chini, mimi nimekaa kwenye kigoda macho yakiwa usawa wa kinena. Kumsimamisha ndiyo nusu ya kipimo. Mgonjwa akilala chali, kilichotoka hurudi ndani chenyewe, na kwa hiyo yule wa kwanza hakukiona. Nikamwambia ageuze uso pembeni, akohoe. Akakohoa kikohozi cha adabu, kama mtu anayebisha hodi msikitini. Hakuna kitu. Nikamwambia, kohoa kama umepaliwa. Akakohoa kweli, na hapo juu ya mkunjo wa kulia ngozi ikainuka mara moja, kikaja kivimbe laini cha sentimita tatu nne, kikaanza kuteremka kwa mshazari kuelekea kwenye korodani. Niliweka vidole juu yake nikamwambia akohoe tena. Kila akikohoa kilikuwa kinapiga vidole vyangu kutoka ndani. Huo mpigo ndio tunaoutafuta. Tezi iliyovimba kinenani haipigi hivyo, na jipu halipigi hivyo.

Nikamlaza. Kikaingia, na wakati kinaingia kikalia gurugurugu, nikajua kilichokuwa mle ni utumbo wala si mafuta ya tumboni tu. Nikapapasa mfupa wa nyonga unaochomoza mbele na ule wa kinena, nikachukua katikati yake, nikapanda juu kidogo kwa upana wa kidole, nikakandamiza hapo. "Simama sasa, kohoa." Akakohoa mpaka mjomba akageuka. Kivimbe hakikutoka. Nilipoondoa kidole, kikatoka.

Nilichokuwa nimeziba kwa kidole ni mlango wa ndani wa mfereji wa kinena. Mfereji huo kwa mtu mzima una urefu wa kama sentimita 4, unapita kwa mshazari ndani ya ukuta wa tumbo, na kila mwanaume anao, maana korodani hazianzii pale mnapozijua. Mtoto akiwa tumboni mwa mama, korodani zake huanzia juu, karibu na figo, kisha huteremka, na miezi ya mwisho ya mimba hupita kwenye mfereji huo hadi kwenye mfuko wake. Zikiteremka, kijifuko cha utando unaofunika matumbo kwa ndani nacho hushuka pamoja nazo. Kazi ikiisha, kijifuko kinatakiwa kujifunga. Kwa wengi hujifunga mtoto anapozaliwa au miezi michache baadaye. Kwa wengine hakifungi, au hufunga nusu, na huyo anakua, anacheza mpira, anaoa, huku ana mlango wazi asioujua. Wapo wanaozeeka na kufa nao bila ngiri kutoka hata siku moja.

Sasa tia kikohozi. Koo linafunga, misuli ya tumbo inakaza, kiwambo kinachotenga kifua na tumbo hakiruhusu kitu kupanda, na presha ndani ya tumbo inaruka ghafla. Presha hiyo inasukuma kila upande kwa nguvu ileile, ila penye mlango wazi ndipo utumbo unapopata pa kutokea. Kunyanyua gunia, kujikamua chooni, kucheka sana, vyote vinafanya vivyo hivyo. Tena mwili una kinga yake: misuli ikikaza, kuta za ule mfereji hubanana zikajifunga zenyewe. Ndiyo maana Kariakoo imejaa makuli wanaobeba magunia tangu ujana na vinena vyao ni vizima.

Kwa hiyo mjomba nilimjibu hivyo. Gunia halikutoboa tundu, tundu lilikuwepo tangu mwanao yuko tumboni. Hakupenda. "Kwa hiyo unasema ni mama yake?" Nikasema sisemi mama wala tajiri. Barua niliandika: ana ngiri ya kinena upande wa kulia, inarudi ndani akilala, apelekwe kwa daktari wa upasuaji, asinyanyue mzigo mpaka atengenezwe. Akaisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna lingine, akaikunja. Kwaheri hakuniaga.

Kijana alipasuliwa hospitali ya serikali, na kwenye karatasi aliyorudi nayo daktari alikuwa ameandika kwamba alikuta kijifuko cha zamani kimefuatana na mshipa wa korodani. Kilifungwa na kukatwa, kisha ukuta ukaimarishwa kwa wavu. (Uganda walilinganisha wavu wa kiwandani na ule wa chandarua uliotakaswa vizuri, matokeo yakatoka 2016, na baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya maana. Nasema ili watu waache kuogopa neno wavu, si ili mtu akate neti yake.) Kile kipimo cha kidole nacho kisitukuzwe sana, kinakosea mara nyingi. Lakini kwa mtu mzima upasuaji unakaribiana, iwe ngiri imepita mlango huo au imesukuma ukuta uliolegea wa nyuma yake, kama inavyokuwa kwa wazee.

Na wazee hao ndio wanaonilegeza. Mzee wa miaka sabini akitoa ngiri mpya, humuulizi gunia. Unamuuliza kikohozi kimeanza lini, mkojo unatoka kwa kujikamua, choo kigumu? Ukuta wake umechoka kwa umri, na kinachousukuma kila siku ni tezi dume au kifua. Ukimpasua ukaacha kikohozi kikiendelea, umemshonea nguo mtu anayekua. Hapo sasa kusema presha haina kosa siwezi.

Kisha kuna Wadenmaki, na hawa waliniudhi. Walichukua kumbukumbu za kazi za wanaume wengi wakazilinganisha na kumbukumbu za upasuaji, wakatoa matokeo 2012. Nilitegemea waseme mzigo unaumiza ule ukuta wa wazee. Wakasema kinyume: wanaume wa kunyanyua vizito na kusimama kutwa kwa miaka ndio waliopasuliwa zaidi kwa ngiri ya kijifuko cha utotoni, ile ya kijana wangu, na ile ya ukuta kulegea haikuonyesha uhusiano na kazi. Maana yake mlango kweli ni wa kuzaliwa, lakini miaka ya magunia inaweza kuwa ndiyo inayoamua nani utumbo wake utautumia. Gunia moja la siku ya mvua bado silikubali. Magunia yote kwa pamoja, nimeanza kuyakubali.

Kabla sijafika kwenye ndiyo au hapana yangu, mambo mawili, maana nawajua wasomaji wa Pwani. Uvimbe wa mfuko wa korodani si lazima uwe ngiri. Busha ni maji, kwetu mara nyingi linatokana na minyoo ile ya matende inayosambazwa na mbu. Ukishika juu yake vidole vinakutana, na akikohoa halipigi. Ngiri ikishuka mpaka mfukoni, vidole havikutani kwa juu, kwa sababu shingo yake inaendelea kuingia tumboni. Anayetoboa kwa sindano bila kujua tofauti anaweza kuwa anatoboa utumbo.

La pili ni siku kivimbe kinapokataa kurudi. Kimekuwa kigumu, kinauma, mtu anatapika, tumbo linajaa, hatoi hata upepo. Hapo utumbo umebanwa shingoni na damu haipiti, na saa chache tu, kama sita hivi, zinatosha kuanza kuuoza. Usiusukume kwa nguvu, usimpe chakula wala dawa ya kuharisha, mpelekeni hospitali yenye chumba cha upasuaji usiku uleule. Kwa wanawake kinaweza kuwa kidogo tu, chini ya mkunjo, juu kabisa ya paja, na hicho kidogo ndicho hubana upesi.

Kama mnahesabu kura, basi mimi niandikeni "ndiyo", na yule mjomba akisoma atacheka. Ila ndiyo yangu ni kwa kuli wa miaka mingi aliyezaliwa na mlango wazi, na si kwa gunia moja, wala si kwa mzee anayekohoa. Na kwa kichanga wa miezi mitatu ambaye kinena kinavimba akilia ni hapana kabisa: huyo hajabeba kitu, ngiri yake ya kinena haijifungi yenyewe kama ya kitovu inavyojifunga kwa watoto wengi, na asingojeshwe akue ndipo apasuliwe.